Tupeane uzoefu: gharama za shamba la miti ambazo muuzaji hakutajii

Mzee wa Kitalu
Wakuu, habari za jioni. Nimesoma tangazo la mtu anayeuza mashamba ya misonobari, na hesabu yake imenikera. Anachukua idadi ya miche, anazidisha kwa bei ya mti uliokomaa, kisha anakuambia utakuwa tajiri. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari inabeba miti 450 hivi. Yeye anaihesabu yote 450 hadi siku ya kuvuna, kana kwamba hakuna mche unaokauka, hakuna mlinzi wa kulipwa na hakuna mti utakaopunguzwa njiani. Misonobari ya mbao inasubiri miaka 18 hadi 25, kutegemea ardhi na mvua. Waliopanda waseme hapa: nini kilikula hela baada ya miche kuingia ardhini?

Jembe Halilali
Palizi, mkuu. Miaka mitatu ya mwanzo nyasi zinaimeza miche, na kibarua anataka chake taslimu. Palizi ukiiruka, msimu unaofuata unanunua miche mingine ya kurudishia.

Dada wa Shambani
Nilisema sitaongelea tena jambo hili, ila mmenigusa. Kwangu ni moto.

Miti ilikuwa na umri wa miaka tisa. Shamba nilikuwa nimelizungushia barabara ya moto yenye upana wa mita kumi, na kila mwaka kabla ya kiangazi natuma hela ya kuilima upya hadi udongo uonekane. Mwaka ule msimamizi alipokea hela, akanitumia picha za barabara safi. Picha zilikuwa za mwaka uliotangulia. Nyasi zilikuwa zimerudi hadi magotini, tena zimekauka.

Jirani akachoma shamba lake mchana, upepo ukiwa mkali. Moto ulivuka barabara kwa kufuata zile nyasi, ukaingia kwenye sindano za misonobari zilizorundikana chini. Upande tuliokwisha kupogolea, moto ulipita chini chini. Upande ambao matawi makavu yalikuwa bado yananing'inia hadi karibu na ardhi, moto ulipanda kama mtu anayepanda ngazi, ukafika vileleni. Watu walifika na matawi mabichi na majembe, lakini upande huo hakuna aliyeweza kuusogelea.

Majivu hayajapoa, akaja mnunuzi. Anasema miti yote imekufa, niiuze yote kwa bei ya kuni. Nilikuwa karibu kukubali. Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyefanya kazi misituni maisha yake yote. Alitembea na panga, kila mti anabandua kipande kidogo cha gamba karibu na ardhi, pande nne. Palipokuwa peupe na majimaji ndani, mti uko hai hata kama gamba ni jeusi nje. Palipokuwa na rangi ya kahawia na harufu ya kuungua kuzunguka shina lote, huo umekwisha. Iliyokufa aliipaka rangi. Upande uliopogolewa, mingi ilikuwa hai.

Kisha akanisisitizia: iliyokufa ikatwe na kupasuliwa upesi. Ile tuliyochelewa kuipasua iliingia ukungu wa bluu, na wadudu wakaanza kutoboa. Mnunuzi mwingine akashusha bei tena kwa sababu ya hiyo rangi.

Jembe Halilali
Pole sana dada. Huyo msimamizi ulimfanya nini?

Mtoto wa Mjini
Ndiyo maana mimi nashauri mikaratusi. Ikiungua inachipua yenyewe, unasubiri tu. Misonobari ikiungua umeumia.

Mzee wa Kitalu
Umesema nusu yake, kijana. Ni kweli mkaratusi unachipua kwenye kisiki na msonobari hauchipui. Lakini kisiki kimoja kinatoa machipukizi mengi, na lazima urudi kuyapunguza yabaki moja au mawili yaliyonyooka, la sivyo utavuna fito. Na zile nguzo ulizosubiri miaka yote zimeshaungua. Kuchipua maana yake unaanza kusubiri upya.

Mtoto wa Mjini
Bado ni afadhali kuliko kupanda upya, mzee. Sikubaliani na wewe.

Msomaji wa Siku Nyingi
Samahani, mimi sina miti, nilinunua shamba la mazao, ila naona yangu inahusika. Tulipima mipaka vizuri, mawe yamewekwa, majirani wote wameshuhudia na kusaini. Shida ikaja kwenye njia. Shamba halina barabara, tulikuwa tunapita kwa jirani kwa ujirani mwema. Jirani akauza. Mwenye shamba mpya akapanda hadi mpakani, sasa gari haliingii.

Mama Mbao
Inahusika sana, ndugu yangu! Mimi nanunua miti ikiwa imesimama. Kabla sijatazama mti, natazama gari litasimama wapi. Magogo yakivutwa mbali hadi barabarani, gharama hiyo naitoa kwenye bei ya mwenye shamba. Anayenunua ardhi leo aandikiwe haki ya njia kwenye mkataba ule ule wa ardhi, upana utajwe, na mwenye ardhi inayopitiwa asaini.

Na nyingine, watu hawataki kupunguzia. Nafika shamba lenye miti mingi, yote myembamba. Shina la sentimita 15 nikilipasua, sehemu kubwa inatoka mabanzi. La sentimita 30 lina uso wa mkato mara nne ya hilo, na mbao zake ni pana.

Jembe Halilali
Yaani nikate mti mzima niliouhudumia miaka minane? Hiyo ni hasara ya wazi.

Mama Mbao
Usipokata wewe, itakosa mwanga na kudumaa yote pamoja. Anza na iliyopinda na iliyozidiwa. Iliyokatwa inauzika kama fito, japo bei yake ni ndogo.

Jembe Halilali
Kwetu fito hazina mnunuzi. Kwa hiyo nalipa mkataji na sipati kitu.

Mhasibu Mkulima
Hapo ndipo hesabu ya tangazo inapokufa. Chukueni bei za vitu zikipanda asilimia 7 kwa mwaka. Kila baada ya miaka kumi hivi hela inabaki na nusu ya nguvu yake. Kwa miaka 20 inabaki robo. Maana yake uliyemwaga hela mwaka wa kwanza, ukivuna mara nne yake baada ya miaka 20, umerudisha mtaji tu. Na hapo sijagusa mlinzi na barabara ya moto, ambavyo unalipia kila mwaka. Kabla ya kununua miche, wekeni kando hela ya matunzo ya miaka mitano ya mwanzo. Kama haipo, pandeni nusu ya eneo.

Mtoto wa Mjini
Lakini na bei ya mbao nayo inapanda, mhasibu.

Mhasibu Mkulima
Inapanda, ndiyo. Ila inapanda kwa mbao nene na nyoofu, na huijui ya miaka 20 ijayo.

Dada wa Shambani
Naomba mnisaidie. Iliyopona kwangu ina makovu chini, upande mmoja gamba limekufa. Niiache ifike umri wake au niiuze sasa?

Mama Mbao
Iuze yenye kovu kubwa. Hapo kwenye kovu ndipo uozo unapoingia, na gogo la chini ndilo lenye thamani.

Mzee wa Kitalu
Mimi ningeiacha yenye kovu dogo, dada. Kama kilele ni kijani na kinarefuka, gamba litafunika kidonda. Ikague tena mvua zikiisha, kisha uamue mti kwa mti.