Puti 12 kwenye akaunti ya dola 25,000, nikiangalia skrini naona niko salama, je niko salama kweli?

MtuWaHouston:
Wakuu habari za saa hizi. Niko Texas, nina akaunti ya marjini ya kawaida tu, hii ya sheria ya Reg T, sio ile ya wenye hela nyingi. Ina dola 25,000 zote keshi. Kuna hisa inacheza dola 100, nataka niuze puti za straiki 90, zimebakiza siku kama 40 kuisha, primiamu ni dola 1 yaani dola 100 kwa kontrakti. Nikiweka oda ya kontrakti 12 broka anaonyesha atashikilia dola 13,200, nabaki na 11,800 huru. Karibu nusu ya akaunti imelala tu. Sasa jamaa yangu ananiambia nikifanya hivyo soko likishtuka nitafungiwa trede kwa nguvu hata kama hisa haijafika 90, mimi naona kama anatia chumvi. Nani yuko sahihi, na akiba ya kutosha ni kiasi gani?

ChaliiWaNgaramtoni:
Mkuu weka stop loss ulale. Mimi forex nafanya hivyo, marjini haijawahi kunisumbua. Weka ikifika dola 2 itoke yenyewe.

BintiKisauni:
@ChaliiWaNgaramtoni opsheni sio forex kaka. Asubuhi ya vurugu bei ya kununua na bei ya kuuza zinaachana mbali sana, stop yako inaamshwa na bei ambayo hakuna mtu amefanya biashara nayo, halafu inajazwa kule juu kabisa. Unatoka kwenye bei mbaya kuliko zote za siku nzima.
Kwa mwenye uzi, kanuni ninayoijua ni usivuke 50%. Wewe uko 53%, punguza ziwe 10 utakuwa 44%, basi umemaliza.

MzeeWaStraiki:
Jamaa yako hajatia chumvi, na dada Kisauni yuko nusu sahihi. Tatizo la hizo asilimia ni kwamba mnapima marjini ya leo, wakati kitakachokufungia trede ni marjini ya siku ile.

Hesabu ya broka kwa puti tupu iko hivi: anachukua 20% ya bei ya hisa, anatoa umbali kutoka bei mpaka straiki, halafu anaongeza bei ya puti yenyewe ya wakati huo. Kuna na kiwango cha chini cha 10% ya straiki ila hapa hakitugusi. Leo ni 20 kutoa 10 ya umbali, jumlisha 1, inakuja 11, yaani dola 1,100 kwa kontrakti, mara 12 ndio hizo 13,200 zako.

Sasa chukulia hisa imeshuka mpaka 92. Hujafika straiki bado. Watu wana hofu, puti uliyouza dola 1 sasa iko dola 4.50. 20% ya 92 ni 18.40, umbali umebaki dola 2 tu kwa hiyo inakuwa 16.40, ongeza 4.50 unapata 20.90. Dola 2,090 kwa kontrakti, karibu mara mbili, na hisa imeshuka 8% tu. Kontrakti 12 zinataka 25,080. Na huku akaunti yako yenyewe, jinsi broka wako anavyoipima, imepungua, umepoteza 3.50 kwa kila moja, jumla 4,200, umebaki na 20,800. Umepelea 4,280. Hapo broka hakuulizi, na wengine hawapigi hata simu, mfumo unaanza kufunga wenyewe.

Angalia vitu viwili vinavyokupiga kwa wakati mmoja, kinachotakiwa kinapanda na ulichonacho kinashuka. Ndio maana 50% haisemi kitu. Zile 10 za dada hapo juu zinapona kwenye 92 kwa kubakiwa na dola 600. Ni kama kwenda Bagamoyo na mafuta ya kufika tu, foleni ikikuta Tegeta umekwisha.

BintiKisauni:
Sawa Mzee nimekuelewa, ila 8% mtu si ana muda wa kufunga chache njiani?

MzeeWaStraiki:
Wakati mwingine anao. Ila kumbuka Jumatatu ile ya tarehe 5 Agosti 2024. Ijumaa VIX, kile kipimo cha hofu ya soko la Marekani, ilifunga 23.39, Jumatatu kabla soko la New York halijafunguliwa ikaonekana 65 na kitu, jioni ikafunga 38.57. Ile 65 kwa sehemu kubwa ilitokana na bei za opsheni kuachana mbali wakati biashara ni chache. Lakini akaunti yako nayo inapimwa kwa bei hizohizo, mfumo haujui kwamba saa mbili baadaye mambo yatatulia.

SaaKumiNaNusu:
Nipo Dar, soko lao msimu huo linafunguka saa kumi na nusu jioni kwetu, nakumbuka ile siku. Shemeji yangu alikuwa na akiba kabisa, tatizo akiba yenyewe aliiweka kwenye hisa za teknolojia. Puti zinapanda, hisa nazo zinaporomoka, broka akaziuza hisa zake bei ya chini kufidia puti. Tangu hapo ananiambia akiba ni keshi au bili za hazina za muda mfupi, kingine chochote usikiite akiba.

MtuWaHouston:
Aisee. Kwa hiyo Mzee niuze ngapi?

MzeeWaStraiki:
Chagua siku mbaya kwanza, ndio urudi kwenye idadi. Mimi natumia hisa kushuka 15% ghafla. Kwenye 85 puti inaweza kuwa dola 9, huna tena umbali wa kutoa, kwa hiyo 17 na 9 ni 26, dola 2,600 kila moja, na hasara ni 800 kila moja. Gawanya 25,000 kwa 3,400 unapata 7. Ila broka ana haki ya kupandisha ile 20% yake siku ya vurugu, akiweka 30% inakuwa 3,450 na hasara ileile 800. Kontrakti 6 zinataka 20,700 na wewe unabaki na 20,200, umepelea. Kontrakti 5 zinataka 17,250 na unazo 21,000. Mimi ningeuza 5. Leo zitaonekana zinashika 5,500 tu, akaunti itaonekana imekaa bure, wacha ionekane hivyo.

Na ukipewa hisa zenyewe, hizo 5 ni hisa 500 kwa 90, dola 45,000. Huna hiyo hela, itabidi ukope kwa broka au uuze haraka.

BintiKisauni:
Si anunue na puti ya 80 chini yake? Inakuwa spredi, broka anashika dola 1,000 kila moja na haipandi hata VIX ifanye nini.

MzeeWaStraiki:
Hilo ni kweli na ni zuri, marjini haimkimbizi tena. Ila asirudi kwenye 12 kwa sababu hiyo. Spredi 12 zikiharibika zote ni karibu dola 12,000 ukitoa primiamu kidogo, nusu ya akaunti imeondoka bila broka kumfungia chochote.

ChaliiWaNgaramtoni:
Kwa hiyo primiamu ya 5 ni dola 500 kwa siku 40? Mbona ndogo hivyo

MtuWaHouston:
@ChaliiWaNgaramtoni ni 2% ya akaunti mkuu, sio mbaya. Mzee swali la mwisho, ikifika 92 na nina 5 na bado nina nafasi, nifunge au nivumilie?

MzeeWaStraiki:
Hapo ndio watu tunagombana. Mimi nafunga mbili nabaki na tatu, kuna ninaowaheshimu wanasema hapo ndipo primiamu iko juu na unatakiwa kuuza zaidi. Ukiwa na 5 utakuwa na 12,800 huru kwenye 92, kwa hiyo angalau uamuzi ni wako na sio wa mfumo.