Shilingi 120,000 kwa siku, au mshahara wa milioni 2?

Muulizaji (Dar es Salaam): Ofisi moja imenitaka nichague: niajiriwe kwa shilingi 2,000,000 kwa mwezi, au nifanye kazi ileile kama mtoa huduma kwa 120,000 kwa siku. Kwa siku 22 napata 2,640,000. Kuna sababu gani ya kuchukua mshahara?

Mhasibu: Ndugu yangu, hizo siku 22 hazijirudii mara 12 kwa mwaka. Chukua siku 260 za kazi, toa 20 zilizomo ndani ya likizo ya siku 28 ambayo mwajiriwa hulipwa, kisha toa sikukuu, tuseme 12, zinabaki 228. Mshahara wa mwaka pamoja na asilimia 10 ambayo mwajiri huchangia NSSF ni 26,400,000, na ukigawanya kwa 120,000 unapata siku 220. Kwa hiyo ukiugua au ukikosa kazi zaidi ya siku 8 katika mwaka mzima, mwajiriwa amekupita, na bima ya afya bado hujailipia. Ukitarajia miezi miwili mitupu baina ya mikataba, usikubali chini ya 140,000.

Fundi wa mifumo: Umesahau kodi. Mtoa huduma hukatwa asilimia 5 tu.

Mhasibu: Hukatwa 5, ni kweli, lakini hayo ni malipo ya awali, na TRA huyahesabu inapokadiria kodi yako ya mwaka. Nafuu yako ni kutoa gharama za kazi, mradi una risiti.

Muuguzi: Mimi niko kwenye mkataba wa mwaka mmoja na nililipwa siku zote 84 za uzazi, kwa hiyo msiwatishe watu na mikataba.

Ofisa utumishi: Hongera, dada, ila wewe ni mwajiriwa wa muda maalumu, mwenzetu anaulizia kazi isiyo ajira kabisa. Kwake mimi naogopa zaidi kuachishwa: mwajiriwa ana haki ya kupewa sababu halali na kufuatiwa utaratibu, ilhali mtoa huduma hana budi kutegemea kilichoandikwa. Hata hivyo, Sheria ya Taasisi za Kazi humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, akiwa amemfanyia mtu mmoja kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.

Fundi wa mifumo: Basi achukue 120,000, na wakimfukuza aende CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi.

Ofisa utumishi: Akienda huko, ajue kwamba ofisi iliyomfukuza haitampa kazi tena. Sioni kama hiyo ni kinga.

Muulizaji: Nikiomba notisi ya siku 30 iandikwe kwenye mkataba?

Mhasibu: Iombe, lakini iandikwe kwamba siku za kazi zilizomo zitalipwa hata wasipokuita. Bila maneno hayo watakupa notisi, kisha wakuache nyumbani bila malipo.

Ofisa utumishi: Wengi hukataa sharti hilo. Wakikataa, mimi ningechukua mshahara.

Fundi wa mifumo: Mimi bado ningechukua siku, kwa kuwa nina wateja wengine wawili.