Naomba ushauri: nimfuate mteja lini kabla hajafunga bajeti ya mwaka?

Wadau, nauza mikataba ya matengenezo ya jenereta. Mwaka jana nilipeleka ofa kwa kampuni moja mwezi Novemba. Meneja wa karakana aliipenda, ila akaniambia, "Ndugu yangu, bajeti ya Januari tumeshaifunga, njoo mwakani." Nilitoka pale nimenywea kweli.

Baadaye nikajua kwamba idara zao hupeleka makadirio kwa mhasibu mkuu mwishoni mwa Septemba. Kwa hiyo safari hii nataka kumwona meneja mapema Agosti, nikague mashine, kisha nimwachie makadirio ya ukurasa mmoja yenye jumla ya mwaka mzima, ayanakili tu kwenye fomu yake.

Ninapokwama ni sababu ya kumfanya aamue mapema. Punguzo silipendi, maana mwakani ataliomba tena. Nafikiria kumwambia hivi: akisaini kabla ya Oktoba kuisha, bei ya vipuri haipandi mwaka mzima, kwa kuwa nami naagiza shehena yangu Novemba. Ni kweli, si janja.

Je, Agosti ni mapema mno? Na mkataba usainiwe kabla bajeti haijapitishwa, au niombe barua ya kusudio kwanza?