2,000 kwenye ankara ya Mtaliano: ni mbili au elfu mbili?

Kutoka: Mwanaidi, South B
Jumatatu, saa 3 asubuhi

Habari za asubuhi ndugu zangu tuliopo Nairobi. Nina shida ya haraka, mzigo uko JKIA na ada ya ghala inapanda kila siku.

Niliagiza vipuri vya oveni ya mkate kwa muuzaji mmoja mdogo karibu na Bologna. Ankara aliipiga picha mezani kwake akanitumia kwa WhatsApp, kivuli cha mkono wake kimelala nusu ya karatasi. Nikamrushia wakala wangu wa forodha hivyo hivyo. Leo ananiambia mzigo umesimamishwa, wanauliza: elementi za oveni 2,000 zinakuwaje za euro 1,224? Yaani kila moja senti sitini na moja! Wanahisi nimeshusha bei nikwepe ushuru. Jamani, mimi nimeagiza elementi MBILI. Lakini nikiikuza picha, kweli imeandikwa 2,000. Mtaliano kakosea?

Mistari yenyewe ninavyoiona ni hii:

```
Q.tà     Prezzo     Importo
3,000     48,60      145,80
2,000    612,00    1.224,00
1,500     22,00       33,00
Trasporto             85,00
Totale EUR         1.487,80
```

Wa kwanza ni mpira wa mlango, wa pili elementi, wa tatu grisi ya joto kali, hiyo ni kwa kilo. Alama ya kwanza kwenye ile 1.224 nimeiandika nukta kwa kubahatisha. Kwenye picha ni doa tu.

Kutoka: Baraka, Kilimani
Jumatatu, saa 3 na robo

Pole dada. Hiyo ni rahisi. Wazungu wote wa Ulaya wanageuza: nukta kwao ni ya maelfu, mkato ni wa senti. Kwa hiyo 2,000 ni mbili na sufuri tatu za mapambo. Mwambie wakala ageuze alama zote, basi. Mtaliano hana kosa.

Kutoka: Salum, Eastleigh
Jumatatu, saa 4 kasorobo

Kama ni kubadilisha euro, msiende benki, kuna maduka ya fedha mjini yana bei nzuri zaidi.

Halafu hili la nukta kuwa maelfu mimi linanitia wasiwasi. Dada yangu yuko Kuwait. Mwezi uliopita alinitumia picha ya risiti ya fundi simu, KD 12.500. Nikamwuliza simu gani hiyo inatengenezwa kwa dinari elfu kumi na mbili na mia tano, umenunua nyumba? Alicheka mpaka akakata simu. Ni dinari kumi na mbili na nusu.

Kutoka: Mzee Kombo, Lang'ata
Jumatatu, saa 5 asubuhi

Mwanaidi mwanangu, pole. Nimekaa na karatasi za mizigo Mombasa miaka mingi kabla sijahamia huku kwa binti yangu, na ugomvi wa aina hii nimeuona zaidi ya mara moja. Baraka jibu lake ni sahihi, ila sababu aliyotoa siku moja itamuumiza. Nitarudi kwake.

Kwanza achana na umbo la alama. Picha ya WhatsApp imebanwa, na mkato ukibanwa kimkia chake ndicho kinachopotea kwanza, ukabaki kama nukta. Chembe ya uchafu nayo ikigeuka nukta huwezi kuitofautisha. Angalia tarakimu zilizobaki baada ya alama ya mwisho. Anza na mstari usioweza kusomeka namna mbili. Wako ni 145,80. Baada ya alama kuna tarakimu mbili tu, na kundi la maelfu halimalizikii kwa tarakimu mbili popote duniani. Basi hiyo ni senti, na kwenye karatasi hii mkato ni wa senti. Ile 1.224,00 ina alama mbili, ya mwisho ni ya senti, hivyo lile doa lako ni la maelfu, liwe nukta, nafasi au chochote.

Sasa zidisha. Mbili mara 612 ni 1,224. Tatu mara 48.60 ni 145.80. Kilo moja na nusu mara 22 ni 33. Jumlisha mistari mitatu upate 1,402.80, ongeza usafiri 85, unafika 1,487.80 kama alivyoandika yeye. Ukishika njia ya wakala, elementi elfu mbili kwa 612 ni zaidi ya euro milioni moja na laki mbili, na grisi inakuwa tani moja na nusu kwa euro thelathini na tatu. Kwa bei hiyo ningepaka bawaba za Lang'ata nzima.

Kosa la wakala, naona, si kutojua mkato wa Ulaya. Safu ya bei kaisoma vizuri, 1.224,00 akaiandika 1,224. Safu ya idadi ndiyo kaisoma Kinairobi. Zile sufuri tatu zinatokana na programu ya muuzaji: safu moja inabeba vipande, kilo na mita, kwa hiyo kila kitu kinachapwa na desimali tatu hata kama ni kipande kimoja. Ukiona safu nzima ya idadi inaishia na tarakimu tatu baada ya alama, shuku hilo kabla ya kushuku muuzaji.

Ushahidi wa kumpa ofisa ni uzito. Chukua hati ya ndege, ile aliyoandika mbebaji mwenyewe. Uzito uliomo ni kiasi gani?

Kutoka: Mwanaidi
Jumatatu, saa 5 na dakika 20

Shikamoo Mzee, ahsante sana. Hati ya ndege inasema kilo 9.5, boksi moja. Kwenye karatasi ya vifungashio Mtaliano ameandika 9,400 kg. Hiyo nayo wakala aliniuliza kama nina hakika si tani tisa!

Kutoka: Mzee Kombo
Jumatatu, saa 5 na nusu

Marahaba. Hapo umeshamaliza. Wa ndege hupandisha uzito hadi nusu kilo inayofuata, ndiyo maana 9.4 imekuwa 9.5. Elementi elfu mbili haziingii kwenye boksi la kilo tisa. Pia mwombe muuzaji ankara yenyewe ya PDF kutoka kwenye programu yake, si picha, na idadi aiandike "2" bila sufuri. Kama hana njia ila picha, aitume kama faili ili isibanwe.

Baraka, nimerudi. Si Wazungu wote. Waingereza na Wairishi wanaandika kama sisi. Mswisi anatenga maelfu kwa kialama cha juu, 1'487.80, na senti anatumia nukta. Mfaransa anaacha nafasi, 1 487,80, na hiyo ni mbaya kwenye picha kwa sababu anayenakili anaweza kuona namba mbili, moja na 487,80. Mjerumani anayeandika ankara ya Kiingereza anaweza kufuata mtindo wa kwao au wa Kiingereza. Na dinari ya Kuwait ina fils elfu moja, ndiyo maana risiti ya Salum ilikuwa na tarakimu tatu baada ya nukta na bado ni kumi na mbili na nusu. Usifuate nchi, fuata karatasi.

Kutoka: Neema, Ngara
Jumatatu, saa 7 mchana

Naongeza la kwangu maana nafanya hesabu za watu. Mama yangu alitibiwa India, bili ikaja picha: 1,25,000.00. Kijana wa ofisini akaniambia tarakimu moja imekatika pembeni, akataka kuongeza sufuri aliyoidhani imekosekana. Hakuna kilichokatika. Wahindi baada ya elfu wanatenga mbili mbili. Hiyo ni laki moja na elfu ishirini na tano, na laki tunaijua, ni hiyo hiyo yao.

Sasa tahadhari kwa wanaonakili kwenye Excel. Ya kompyuta zetu nyingi hapa imewekwa kwa mtindo wa Kiingereza. Ukibandika 2,000 ya Mtaliano, inakuwa elfu mbili bila kuuliza. Ukibandika 1.200 yake, yaani elfu moja na mia mbili, inakuwa 1.2. Fomula ya kugeuza ipo:

```
=NUMBERVALUE(B2,",",".")
```

Lakini ukiichelewesha inazidi kuharibu. 1.200 ikishamezwa ikawa 1.2, fomula inafuta nukta na kukupa 12. Si 1,200, si 1.2, ni kumi na mbili. Yalinipata, na niliyaona kwa sababu tu jumla ya chini ilikataa. Kwa hiyo geuza safu iwe Text KABLA ya kubandika, ndipo fomula uiweke safu ya pembeni.

Kutoka: Baraka
Jumatatu, saa 8 mchana

Nimekubali yaishe, Mzee. Ila nami nina yangu. Nina profoma ya Mjerumani, mashine moja iliyotumika ya kukunja bati. Mstari ni mmoja, idadi 1, bei 2.500 EUR, jumla 2.500 EUR. Hakuna senti popote. Nikizidisha, moja mara chochote ni chochote. Hapo nazidisha nini?

Kutoka: Mzee Kombo
Jumatatu, saa 8 na nusu

Hapo kuzidisha hakukusaidii, umeona vizuri. Mashine haiuzwi euro mbili na nusu, hivyo akili inasema elfu mbili na mia tano. Lakini akili si ushahidi, na siku ikiwa skrubu au kitambaa, akili inakwama. Mwandikie aongeze jumla kwa maneno, au aandike 2.500,00. Wajerumani wengine huandika 2.500,- na hicho kistari ni kama /= yetu, kinasema senti hakuna. Usilipe kabla hajajibu.

Kutoka: Salum
Jumatatu, saa 9 alasiri

Nami ile 7 yao yenye kistari katikati huwa naisoma F. Na 1 yao yenye kofia naisoma 7. Hiyo nayo ina fomula?

Kutoka: Mwanaidi
Jumatano, saa 4 asubuhi

Habari njema nusu. PDF ilifika jana ikiwa na "2" na "3" safi, wakala akaomba kurekebisha tamko la forodha, akaambatanisha hati ya ndege na hesabu ya Mzee niliyoiandika kwa mkono. Leo wamekubali. Ada ya ghala ya siku zote hizo wakala anasema ni juu yangu kwa sababu nilimpa picha mbovu. Mimi nasema alipaswa kuzidisha. Tumeachia hapo, bado tunavutana, na oveni inawaka upande mmoja.

Kutoka: Baraka
Jumatano, saa 5 asubuhi

Mjerumani amejibu. Amerudia 2.500 EUR, safari hii kwa herufi nene.