Tupeane uzoefu: mistari miwili ya kwanza kabla ya "ona zaidi"

Kalamu Fupi (mwanzisha mada)

Wakuu, salamu nitazitoa mwishoni. Mkisoma mada mtajua kwa nini.

Nazungumzia pale posti inapokatwa kwenye taimulaini, yakabaki maneno machache na kile kitufe cha "ona zaidi". Kwamba mwanzo uvutie, hilo kila mtu analisema. Mimi nataka tuangalie kitu chembamba zaidi: maneno yanayobaki juu ya mkato yawe yametimia. Asiyebonyeza aondoke na kitu, na anayebonyeza awe na sababu ya kubonyeza. Leteni posti zenu halisi, zilikatika wapi na mlizipanga upya vipi.

Kwa kuanzia: kapsheni ya Instagram inaweza kufika herufi 2,200, lakini zinazoonekana kabla ya kubonyeza ni kama 125 hivi, nafasi zikihesabiwa. LinkedIn inakuruhusu herufi 3,000 na kukuonyeshea mistari mitatu hivi. Namba hizo ni za kukadiria, msizishike kama sheria.

FundiBetri

Mimi natengeneza laptopu, na naandika ushauri kwa wateja. Makala ni nzuri, nasema bila aibu, ila watu wanapita tu. Hii hapa ya juzi ilivyoanza:

"Habari zenu wapendwa, natumaini mko salama na mnaendelea vizuri na majukumu ya kila siku. Leo ningependa kuzungumzia jambo..."

Hapo ndipo ilipokatika kwenye simu yangu. Jambo lenyewe ni betri kuvimba, tena ni jambo la hatari. Sasa niache kusalimia watu? Wateja wangu ni watu wazima, ukiwavamia bila salamu wanakuona huna adabu.

Mshale Chini

Fundi, dawa yako ndogo sana. Weka "Hutaamini kinachotokea kwenye betri yako..." halafu mishale mitatu ya kushuka chini. Watabonyeza wenyewe. Mimi nafanya hivyo na watu wanafungua.

Bi Mhariri

Mshale, nusu umepatia. Ni kweli watu hubonyeza pale wanapohisi kuna kitu bado hawajakijua. Ila angalia mtu anafungua akiwa na matumaini gani, na anakuta nini. Ukimwambia "hutaamini" akakuta ushauri wa kuchomoa chaja, safari ijayo akiona jina lako anateleza nalo. Na si wasomaji peke yao. Facebook walitangaza mwaka 2016 kwamba wanashusha vichwa vya habari vinavyoficha taarifa kwa makusudi ili mtu abonyeze. Mchezo huo una wenyewe wanaoutazama.

Fundi, tuchukue posti yako. Nimehesabu: sentensi ya salamu peke yake ina herufi 89. Kati ya 125 umebakiwa na 36, nazo umezimaliza kwa kutangaza kwamba utatangaza. Naomba ubandike aya ya nne ya makala hiyo, ile yenye maelekezo. Nina hakika sentensi yako bora imelala huko.

FundiBetri

Aya ya nne hii hapa: "Kwa hiyo ukiona padi ya laptopu imekuwa ngumu kubofya usiipuuze, kwani mara nyingi betri iko chini yake na ikivimba huisukuma juu. Zima mashine, chomoa chaja, na usijaribu kuitoboa betri ili kutoa hewa."

Bi Mhariri

Umeona? Hiyo ndiyo sentensi ambayo ungemwambia mteja aliyekwisha shika mlango anatoka. Ipandishe juu, uipunguze:

"Padi ya laptopu ikiwa ngumu kubofya, huenda betri chini yake imevimba. Zima, chomoa chaja, usiitoboe."

Sentensi ya kwanza ina herufi 70, zote mbili pamoja ni 101. Tazama kinachotokea mkato ukiwahi. Ukianguka baada ya "imevimba", msomaji bado ameshika dalili na sababu yake. Ukichelewa hadi "usiitoboe", ameshika na la kufanya. Popote kati ya nukta hizo mbili hajaachwa hewani kabisa. Ndiyo maana napenda sentensi mbili fupi kuliko moja ndefu yenye "ambalo" na "ambayo" katikati. Sentensi ndefu ina mahali pamoja tu pa kutimia, na mkato hauna miadi na wewe.

Sababu ya kubonyeza inakuja mara tu baada ya hapo, mstari wa tatu: "Au ni uchafu tu? Pima hivi:" Kisha eleza: funga laptopu, iweke juu ya meza iliyo sawa, isukume pembe kwa kidole. Ikiyumba, au ukiona ufa kwenye kiungo cha chini, huenda si uchafu. Mwenye laptopu ya kawaida ataridhika na mistari miwili. Mwenye padi ngumu atabonyeza, na huyo ndiye mteja wako.

Kalamu Fupi

Bi Mhariri, mimi hapo ningebana zaidi. "Au uchafu? Pima hivi:" ukiiunganisha na zile 101 unapata 123. Inaingia yote ndani ya 125. Kwa nini tuache nafasi bure?

Bi Mhariri

Kwa sababu zile 125 hazipo. Kwenye Instagram jina la akaunti hukaa mwanzo wa mstari uleule wa kapsheni, kwa hiyo mwenye jina refu ana nafasi ndogo. Mtu aliyekuza maandishi ya simu yake kwa sababu ya macho anaona maneno machache kwa kila mstari. Skrini nyembamba vilevile. Ukijaza hadi herufi ya 123, baadhi ya wasomaji watakuona umekatika kwenye "Au uch...". Mimi nikifika 100 naweka nukta na kuvunja mstari, ili mkato ukija uangukie pengo, usianguke katikati ya neno.

Ila ukivunja mstari, usiache mstari mtupu kati ya sentensi ya kwanza na ya pili. Palipo na kikomo cha mistari, mtupu nao unahesabiwa. Unalipa nafasi kwa hewa.

Juma wa Grupu

Samahani wakuu, hiyo "soma zaidi" ya WhatsApp mnaitoaje? Kwenye grupu letu ujumbe ukiwa mrefu inakuja, na wazee hawajui kuibonyeza.

Kalamu Fupi

Juma, haitolewi mkuu, inawekwa na programu yenyewe. Na hapo huwa inakuja baada ya maandishi mengi zaidi, si mistari miwili. Tangazo lenu la kikao liwe na siku, saa na mahali juu kabisa, ajenda zifuate chini. Wazee watapata wanachohitaji bila kubonyeza kitu.

Nesi Mtandaoni

Mimi nitaleta upande mwingine, maana kwenye afya mkato unaweza kugeuza maana. Kuna ukurasa mmoja niliombwa kuupitia. Wana nia njema, wanakanusha uvumi. Posti yao ilianza hivi:

"Watu wengi wanasema ukipata mafua kunywa antibayotiki mapema, unapona haraka na hayakurudii. Wengine wanashauri..."

Ikakatika hapo. "Huo si ukweli" iko aya ya pili. Sasa fikirieni anayepita bila kubonyeza: amesomeshwa uvumi wote, kwenye ukurasa wenye nembo ya afya, na kanusho hajaliona. Afadhali wasingeandika.

Tuliigeuza: "Antibayotiki haziui virusi vya mafua. Ukizinywa kwa mafua tupu unabeba madhara yake bila faida." Uvumi wenyewe tukaushusha chini ya mkato, tukautaja mara moja tu ili watu wajue tunajibu nini. Kipimo changu ni hiki: nasoma mistari miwili kana kwamba posti imeishia hapo. Kama hapo peke yake inasema uongo, siiachii.

Mshale Chini

Hii ya nesi imeniingia. Lakini kwangu mimi naandika vichekesho. Kichekesho kikitimia juu, chini nitaweka nini?

Riwaya Kila Ijumaa

Mshale, tuko pamoja. Mimi natoa simulizi kwa sehemu, na nashindwa kukubaliana na hili la "kutimia". Simulizi inaishi kwa kiu. Mkato kwangu ni rafiki, nauachia sentensi katikati makusudi: "Nilipofungua droo nikakuta..." Wasomaji wangu wanabonyeza, wananitukana kwa mapenzi, maisha yanaendelea.

Bi Mhariri

Wasomaji wako wanakujua, wangebonyeza hata ukiandika "sehemu ya kumi na mbili" basi. Mimi nawaza yule asiyekujua. "Nikakuta..." kila mtu anakuta kitu. Jaribu kutimiza sentensi na kuacha swali wazi: "Simu ya marehemu baba iliita saa nane usiku. Ilikuwa kwenye droo niliyoifunga kwa ufunguo." Sentensi zote mbili zimefika mwisho, hakuna aliyeshikiwa neno. Lakini nani asiyetaka kujua nani anapiga?

Riwaya Kila Ijumaa

Nakiri hiyo nzuri, na nitaiiba. Bado nasema kiu ya sentensi iliyokatika ina utamu wake. Na kuna kitu hujakigusa: mimi mkato siuoni mahali pamoja. Kwenye simu yangu unaangukia "nikakuta", kwa msomaji mwingine unaangukia "droo".

Nesi Mtandaoni

Hilo kaka yangu linakupinga wewe mwenyewe. Kama hujui utakatika wapi, utawezaje kuutegemea ukatike pazuri?

Bi Sauti

Naomba niseme kama mtu ninayesoma kwa maandishi makubwa. Wengi mnapanga emoji mwanzoni, kisha hashitegi mbili, kisha jina la mtu mliyemtaja. Kwangu hayo tu ndiyo posti nzima kabla ya mkato. Vitu hivyo vinafanya kazi hata vikikaa chini. Na kabla ya kuachia, Facebook inakuruhusu kuchagua "Mimi pekee" kama hadhira. Irushe hivyo, kuza maandishi ya simu hadi mwisho, uitazame kwenye taimulaini au ukurasa wako. Ukiona imekatika vibaya, hariri, kisha ndipo ubadilishe hadhira.

FundiBetri

Nimefanya hivyo sasa hivi. Kwenye maandishi makubwa imekatika kwenye "Zima, chomoa". Si mbaya, ila hiyo "usiitoboe" ndiyo ninayoiogopa zaidi, watu wana tabia ya kutoboa. Niigeuze iwe "Usiitoboe. Zima, chomoa chaja"?

Bi Mhariri

Igeuze. La hatari zaidi litangulie, chaja inaweza kusubiri nusu mstari.

FundiBetri

Na salamu?

Bi Mhariri

Weka mwishoni, kabla ya namba yako ya simu. Aliyefika huko ndiye uliyekuwa na shida ya kumsalimia.

Mshale Chini

Vichekesho bado sijajibiwa.