Naomba mnisomee ujumbe huu kabla sijamtumia dada wa Instagram

mnazi_mfupi: Wakuu, habari za jioni. Nakamua mafuta ya nazi hapa Tanga, Ngamiani, nazi nachukua Pangani. Chupa ya nusu lita nauza 12,000, faida yangu 4,000. Wateja wengi wako Dar, nawatumia kwa basi. Kuna dada wa mambo ya nywele ametaja laki tatu na nusu kwa posti moja. Nataka kumwandikia hivi:

"Habari dada. Bei nimekubali. Naomba video moja nzuri, na iwe yetu tuitumie tutakavyo. Wateja wakitaja NAZI10 wanapata punguzo la asilimia 10. Nitume hela lini?"

Kuna kilichopungua?

dada_chumbageni: Usitume yote! Mimi nauza keki, nililipa zote mapema, mtu akaweka stori saa nane usiku. Saa 24 zikaisha ikafutika, hata picha ya takwimu sikupewa. Lipa nusu, nusu nyingine wateja wakija.

pwani_mtandaoni: Nusu kwa nusu sawa, lakini ya pili ilipwe posti ikishapanda kama mlivyokubaliana. Ukimwambia asubiri wateja, hiyo ni kamisheni, na ina bei yake.

Mkuu, piga hesabu kwanza. Punguzo linakula 1,200, unabaki na 2,800 kwa chupa. Ili laki tatu na nusu irudi, NAZI10 lazima iuze chupa 125. Una mafuta hayo ghalani? Kama hesabu inakutisha, mwombe 150,000 taslimu na 1,000 kwa kila chupa. Hapo unabaki na 1,800, hela yako inarudi kwenye chupa ya 84. Wengine hukataa, maana hawawezi kuona daftari lako la mauzo. Mtumie orodha kila Ijumaa.

mzee_wa_picha: Mnamchanganya kijana. Ukilipia, video ni yako. Mpiga picha wa harusi yangu alinikabidhi kila kitu.

pwani_mtandaoni: Mzee wangu, za harusi unatazama nyumbani na jamaa. Hapa ni sura ya mtu inayouza bidhaa. "Tutakavyo" inamaanisha hata bango la barabarani mwaka kesho, wakati yeye labda anatangaza mafuta ya mwingine. Mwenye akili ataongeza bei au atakaa kimya. Tenganisha: kuirudisha kwenye ukurasa wako ni jambo moja, kuilipia iwe tangazo ni jingine. Na kuitangaza kupitia akaunti yake lazima aruhusu ndani ya programu yenyewe. TikTok, kwa mfano, yeye ndiye anayetoa msimbo wa ruhusa wenye muda, siku 7, 30, 60 au 365. Huo si NAZI10, msiuchanganye.

Halafu muziki. Akiweka wimbo unaovuma, Instagram inaweza kukukatalia kuilipia. Omba na faili lisilo na wimbo.

mnazi_mfupi: Na nitajuaje mteja katokea kwake? Wengi wanapiga simu tu, msimbo hawautaji.

pwani_mtandaoni: Ndiyo maana msimbo peke yake huhesabu pungufu. Tengeneza kiungo cha WhatsApp chenye maneno tayari, namba ianze na 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=NAZI10%20naomba%20chupa
```

Akiweka kiungo chini ya video hakibonyezeki. Kikae kwenye stori na kwenye maelezo ya ukurasa wake. Wanaopiga simu, waulize walikuonea wapi kabla hujataja bei.

Ningeandika hivi:

"Habari dada, asante kwa bei yako. Kwa 350,000 naomba video moja ya sekunde 30 hadi 45 Instagram, ikae angalau siku 90, na stori tatu siku hiyohiyo kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku, zikiwa na kiungo nitakachokupa. Kiungo kikae pia kwenye ukurasa wako siku 7. Posti iwe na alama ya tangazo la kulipiwa. Nione video kabla haijapanda, nikiwa na marekebisho nitayataja mara moja tu. NAZI10 itatumika siku 30. Naomba kuirudisha kwenye ukurasa wetu kwa miezi mitatu, jina lako likionekana. Tukitaka kuilipia iwe tangazo, naomba bei ya siku 30 pembeni. Nusu natuma ukithibitisha, nusu posti ikipanda. Picha za takwimu za stori nitumie kabla hazijafutika."

dada_chumbageni: Ndefu mno, ataona unamsumbua.

pwani_mtandaoni: Hiyo ndiyo itakayokuamulia mkigombana. Mwambie ajibu "nakubali" hapohapo.

mnazi_mfupi: Amejibu. Kakubali yote, ila stori mbili badala ya tatu, na tangazo la siku 30 anataka laki moja zaidi. Nimpe?

mzee_wa_picha: Laki kwa kitu kilichokwisha rekodiwa? Mimi siwezi.

pwani_mtandaoni: Stori mbili kubali. Laki usitoe sasa, ila mfunge kwa bei hiyo wiki mbili, kwa maandishi. NAZI10 ikianza kuuza ndipo ulipie.

dada_chumbageni: Akiona inauza si atapandisha? Mimi ningemalizana naye leo.