Mrejesho: kipeperushi cha dawa mseto ya malaria

Niliuliza: "Nakagua tafsiri ya kipeperushi cha ALu. Kuna 'dozi', 'kipimo' na 'vidonge' vimechanganywa. Nianzie wapi?"

Asanteni, ushauri wa kuwapa watu wa kawaida wasome na kueleza walichoelewa ndio uliofichua kosa kubwa. Jirani yangu alisoma "akitapika, arudie dozi" akasema: "Basi anaanza upya vidonge vyote 24." Ana haki! Kwetu kumaliza dozi ni kumaliza tiba nzima ya siku tatu, wakati maandishi ya Kiingereza yalimaanisha vidonge vinne vya mara moja.

La pili sikulitegemea kabisa. "Meza dozi ya pili baada ya saa 8" yeye alielewa saa nane mchana. Aliyeanza saa mbili usiku angechelewa kwa masaa kumi.

Sasa imeandikwa: "Meza vidonge 4 mara tu unapopewa. Yakipita masaa 8, meza vingine 4. Kisha vidonge 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata." Neno "dozi" nimelibakiza kwenye "maliza dozi" tu. Mfamasia amelinganisha na asili, akapitisha.